Omba hesabu kwanza, fedha zitafuata

Hotuba kwa waandishi na wasanii, Mtwara

Ndugu waandishi, walimu wangu, dada zangu na kaka zangu wasanii, assalamu alaikum, Bwana Yesu asifiwe, na kwa wote, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie mirabaha iliyochelewa kulipwa. Kabla sijarudi huku Kusini nilikaa miaka kadhaa kwenye meza ya mirabaha katika kampuni moja ya uchapishaji Dar es Salaam. Barua za waandishi wanaodai zilipitia mikononi mwangu: zilizotoka Bukoba, Songea, Pemba, na zilizotoka hapa hapa kwetu. Kwa hiyo leo nitasema yale niliyoyaona nikiwa upande ule wa meza. Ipo barua inayojibiwa na ipo inayolala kwenye rundo, na tofauti yake haitokani na ukali wa maneno.

Barua nyingi zilianza na fedha. Mwandishi anaandika kwamba ana miaka mitatu hajalipwa, ana watoto wanasoma, anaomba haki yake. Kila neno ni kweli. Lakini mhasibu anayeipokea hawezi kulipa kitu ambacho hakijakokotolewa. Ili alipe, lazima kwanza iwepo taarifa ya mirabaha ya mwaka husika, na mara nyingi taarifa hiyo haijaandaliwa. Basi anaandika pembeni "ishughulikiwe", barua inapanda kwa meneja, inashuka kwa mhariri, inarudi kwa mhasibu, na miezi sita imekwisha.

Barua inayoomba taarifa ya mirabaha ya mwaka fulani, ikataja kifungu cha mkataba na ikaweka tarehe, hiyo ina mtu mmoja wa kuifanyia kazi na kazi yenyewe inajulikana. Na taarifa ikishatoka, deni lako limeandikwa na mchapishaji mwenyewe, kwenye karatasi yake, kwa mkono wake. Kuanzia hapo hubishani tena kama unadai au hudai. Mnazungumza utalipwa lini.

Wengi wenu hapa ni wakulima wa korosho au watoto wa wakulima. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze mkoani kwetu mwaka 2007, hakuna mtu anayekwenda chama cha msingi kudai fedha tu. Anakwenda na stakabadhi yake: kilo ngapi, daraja gani, mnada upi, bei gani, na makato yapi yamepita njiani. Taarifa ya mirabaha ndiyo stakabadhi ya mwandishi. Nashangaa sana ninapomwona mtu anayeweza kubishana na karani wa AMCOS juu ya makato ya shilingi thelathini kwa kilo, halafu anapokea fedha za kitabu chake kwenye simu bila hata mstari mmoja wa maelezo.

Nitawaeleza kisa cha mwalimu mmoja wa Newala. Amenipa ruhusa nikisimulie ila nisimtaje jina, wala kampuni yenyewe sitaitaja.

Mwalimu huyu aliandika kitabu cha hadithi cha ziada kwa shule za msingi. Mkataba ulisainiwa Mei 2019, na kitabu kikachapwa Machi 2020, nakala 3,000. Taarifa ya mwaka 2020 aliipata na akalipwa. Baada ya hapo kimya. Mwaka 2021 kimya, 2022 kimya, 2023 kimya. Alikuwa anampigia mhariri wake, na mhariri ni mtu mwema, anamjibu vizuri: mwalimu wangu, wiki ijayo. Mhariri hana funguo za kabati la fedha. Huyo ndiye mtu ambaye waandishi wengi tunamfahamu, kwa hiyo ndiye tunayempigia, na anakuwa anatuonea aibu kwa jambo lisilo mikononi mwake.

Aliponijia, nilimwambia alete mkataba. Tukausoma tukitafuta mambo matatu tu.

La kwanza ni kiwango, na hasa asilimia hiyo ni ya nini. Mkataba wake ulisema asilimia 10 ya mapato halisi. Yeye siku zote aliamini ni asilimia 10 ya bei ya dukani. Kitabu kinauzwa rejareja shilingi 6,000, kwa hiyo kichwani mwake alikuwa na shilingi 600 kwa kila nakala. Lakini mchapishaji humpa mwenye duka punguzo, na kwa kitabu hiki lilikuwa asilimia 35. Kinachoingia kwa mchapishaji ni shilingi 3,900, na asilimia 10 ya hiyo ni shilingi 390. Angeandika barua ya kudai shilingi 600 kwa nakala, mhasibu angemjibu kwa sentensi moja kwamba hesabu yake si sahihi, na mazungumzo yangeishia hapo. Ndiyo maana nawasihi msitaje kiasi kwenye barua ya kwanza. Acheni mwenye vitabu vya hesabu akitaje yeye.

La pili ni tarehe. Mkataba wake, kifungu cha 9, ulisema hesabu zinafungwa tarehe 31 Desemba na taarifa inatolewa ndani ya siku 90. Maana yake taarifa ya mwaka 2021 ilitakiwa kufika mwisho wa Machi 2022. Kabla ya hapo huwezi kusema umecheleweshewa. Wapo wanaoandika Januari kwa hasira, wakati siku 90 hazijaisha, na wanajipunguzia nguvu bure. Kuna pia mikataba inayosema mirabaha ikiwa chini ya kiasi fulani itasogezwa mwaka unaofuata, na mikataba yenye malipo ya awali, ambapo hupati kitu mpaka mirabaha yako ifikie kile ulichopewa mwanzoni. Katika hali hizo mchapishaji anaweza kuwa na haki ya kutolipa mwaka huo. Taarifa bado anapaswa kuitoa, kama mkataba unasema ataitoa. Shika tofauti hiyo.

La tatu ni haki ya kukagua. Kifungu cha 14 cha mkataba wake kilimruhusu mwandishi, kwa notisi, kutuma mhasibu akaangalie vitabu vya mauzo vinavyohusu kazi yake. Si kila mkataba una kifungu hiki, na sikumshauri akitumie mapema. Ukaguzi una gharama, na aliyeomba ndiye anayelipa, isipokuwa mkataba useme vinginevyo. Lakini ni vizuri kujua kama kipo.

Baada ya hapo tukaandika barua. Nitawasomea, maana ni fupi na mnaweza kuichukua kama ilivyo. Ilielekezwa kwa Mhasibu Mkuu, nakala kwa Meneja Mkuu, na mhariri tukampa nakala kwa heshima tu.

"YAH: TAARIFA ZA MIRABAHA ZA MIAKA 2021, 2022 NA 2023

Mimi ni mwandishi wa kitabu kilichotajwa hapa chini pamoja na namba yake ya ISBN, kwa mkataba tuliosaini Mei 2019. Kifungu cha 9 kinaitaka kampuni kunipatia taarifa ya mirabaha ya kila mwaka unaoishia tarehe 31 Desemba, ndani ya siku 90. Taarifa ya mwisho niliyoipokea ni ya mwaka 2020.

Naomba nipatiwe taarifa za mwaka 2021, 2022 na 2023, kila mwaka peke yake. Kwa kila mwaka naomba zionyeshwe nakala zilizokuwapo ghalani mwanzo wa mwaka, zilizochapwa, zilizouzwa na bei zilizouzwa, zilizotolewa bure, zilizorudishwa, zilizoharibika, na zilizobaki ghalani mwisho wa mwaka.

Naomba pia mirabaha itakayoonekana kwenye taarifa hizo ilipwe kama kifungu cha 11 kinavyoelekeza. Nimeambatanisha namba ya akaunti yangu ya benki, namba yangu ya mlipakodi, na nakala ya ukurasa wa mkataba wenye saini.

Naomba taarifa hizo zinifikie kabla ya tarehe 3 Julai 2024."

Basi. Hakuna watoto wanaosoma, hakuna "nasikitika sana", hakuna tishio la mahakama. Tarehe ya mwisho imeandikwa kama tarehe, kwa sababu "mapema iwezekanavyo" haipo kwenye kalenda ya mtu yeyote. Barua iliandikwa tarehe 3 Juni, ikatumwa kwa rejista kutoka posta, na siku hiyo hiyo nakala yake ikatumwa kwa barua pepe. Risiti ya posta tukaibana nyuma ya nakala ya mwalimu.

Ule mstari wa akaunti na namba ya mlipakodi si wa kujaza nafasi. Nilipokuwa mezani kule, nilikuwa na faili zima la malipo yaliyokwama, na sehemu kubwa yalikwama kwa sababu ndogo kabisa: mwandishi alihamia Masasi na simu ya zamani haipatikani, au akaunti ina jina la ndoa wakati mkataba una jina la kuzaliwa na benki ikarudisha fedha. Hakuna aliyemtafuta. Hilo ni kosa la kampuni, nalisema wazi, lakini mwandishi anaweza kuliziba kwa mistari miwili.

Sasa tuje kwenye sehemu ninayotaka muishike hata mkisahau mengine yote, nayo ni ghala.

Taarifa zilikuja, zimechelewa kidogo lakini zilikuja. Zilionyesha mauzo hivi: mwaka 2021 nakala 610, mwaka 2022 nakala 480, mwaka 2023 nakala 350. Jumla nakala 1,440, kwa shilingi 390 kila moja, shilingi 561,600. Mwalimu akafurahi, akataka kuandika barua ya shukrani. Nikamwambia mwalimu wangu, tulia kwanza, chukua kalamu.

Vitabu havitoweki. Ukiacha zilizoko madukani zikisubiri kuuzwa, kila nakala iliyotoka kiwandani ama imeuzwa, ama imetolewa bure, ama imeharibika, ama bado iko ghalani. Ukijumlisha hayo manne lazima upate kile kilichochapwa. Mwaka 2020 zilichapwa 3,000. Taarifa ya mwaka ule ilisema zimeuzwa 740 na za bure zilikuwa 60. Kwa hiyo mwaka 2021 ulianza na nakala 2,200. Toa 1,440 zilizouzwa katika miaka mitatu iliyofuata, unabaki na 760. Taarifa haikuonyesha za bure nyingine, wala zilizorudi, wala zilizoharibika. Lakini mstari wa mwisho wa mwaka 2023 ulisema zilizobaki ghalani ni 160.

Zinakosekana nakala 600.

Mnaona sasa kwa nini tuliomba mistari ile ya ghala kwenye barua. Taarifa nyingi za mirabaha zina safu tatu tu: nakala zilizouzwa, bei, na mrabaha. Ukizitazama hizo peke yake, kila kitu kinalingana, kwa sababu hesabu ya kuzidisha haina shida. Tatizo liko kwenye namba ya kwanza, na namba ya kwanza huwezi kuikagua bila kujua ghala lilikuwa na nini na limebakiwa na nini. Duka linahesabu mauzo, ghala linahesabu vitabu, na mara nyingi ni watu wawili tofauti wanaoandika kwenye daftari mbili tofauti. Daftari hizo zikipishana, mwandishi anapata nafasi ya kuuliza swali la haki.

Mwalimu akaandika barua ya pili, mistari mitano. Akaweka hesabu ile kama nilivyowasomea, akauliza nakala 600 zimekwenda wapi. Hakumwita mtu mwizi.

Jibu lilikuja, na lilikuwa jibu ambalo nililitarajia kwa sababu nimeliona mara nyingi. Mwaka 2022 kampuni iliuza vitabu kwa mradi mmoja wa usomaji. Vilikwenda kwa paketi: vichwa vitano tofauti kwenye paketi moja, paketi 600. Ankara iliandikwa "paketi ya vitabu vya hadithi", bila kutaja kila kitabu. Programu inayokokotoa mirabaha inasoma mauzo kwa ISBN ya kila kitabu, na paketi haikuwa na ISBN ya mwalimu. Ghalani nakala zilitoka na kuandikwa. Kwenye mirabaha hazikuingia kabisa. Na kama zake hazikuingia, basi za waandishi wale wengine wanne hazikuingia pia, na sijui kama kuna hata mmoja wao aliyeuliza.

Nawaambieni kwa dhati: wizi wa makusudi upo, lakini nilichokiona zaidi ni hiki. Uzembe wa aina hii unamla mwandishi kuliko mwizi, kwa sababu hakuna anayejisikia na hatia, kwa hiyo hakuna anayeurekebisha.

Paketi ziliuzwa kwa punguzo kubwa. Kila nakala ya mwalimu ilihesabiwa shilingi 3,000, nusu ya bei. Mkataba wake ulisema mapato halisi, basi asilimia 10 ya 3,000 ni shilingi 300, mara 600 ni shilingi 180,000. Ukijumlisha na ile ya kwanza unapata shilingi 741,600. Hapa ndipo kwa mara ya kwanza mwalimu alitaja kiasi kwenye barua, na alikitaja kwa namba zilizotoka kwenye karatasi za kampuni yenyewe. Mhasibu hakuwa na la kubisha. Alilipwa baada ya kupunguzwa kodi ya zuio.

Na hapo kwenye kodi ya zuio, dakika moja tu. Mchapishaji akikulipa mrabaha anakata kodi na kuipeleka TRA kwa jina lako. Ni halali. Lakini akikata, anapaswa kukupa hati ya kodi ya zuio inayoonyesha kiasi alichokata. Iombe kila unapolipwa. Bila hati hiyo, huwezi kuithibitishia TRA kwamba kodi ilishakatwa, na huna njia ya kujua kama makato yale kweli yalifika serikalini.

Naona mikono. Karibuni.

Mama mmoja kutoka Mikindani ameuliza: "Je, wakikutumia fedha kidogo kwenye simu, laki mbili hivi, bila maelezo, uzirudishe?"

Hapana mama, usirudishe. Zipokee, halafu siku hiyo hiyo andika kwamba umepokea shilingi 200,000 kama sehemu ya malipo ya mirabaha unayodai, na kwamba bado unasubiri taarifa ya miaka fulani. Neno lenye kazi hapo ni "sehemu". Kitu cha kuogopa ni karatasi inayokuja pamoja na fedha, imeandikwa kwamba haya ni malipo kamili na ya mwisho na kwamba mwandishi hana dai lingine. Nimeona mtu anasaini karatasi kama hiyo kwa sababu ada ya shule ilikuwa kesho yake. Ukiisaini kabla hujaona taarifa, hata zile nakala 600 za mwalimu wetu zingekuwa zimekwenda.

Kijana hapa mbele anasema kampuni ilimjibu kwamba maduka bado hayajalipa, ndiyo maana naye hajalipwa. Hilo ni jibu la kweli mara nyingi, kwa sababu vitabu vingi hupelekwa madukani kwa mali kauli. Muuza vitabu wa Lindi anachukua nakala 50 leo, analipa akishauza, na zisizouzwa anazirudisha. Sasa rudi kwenye mkataba. Kama mrabaha wako unatokana na nakala zilizouzwa, kampuni ikishamwandikia muuzaji ankara, kumdai muuzaji ni kazi ya kampuni, na wewe unalipwa. Kama unatokana na fedha zilizopokelewa, itabidi usubiri. Lakini hata hapo una swali lako: ni nakala ngapi ziko kwa mali kauli? Nakala hizo hazijauzwa na haziko ghalani, kwa hiyo taarifa lazima iwe na mstari wake. Kampuni ikikwambia maduka hayajalipa halafu taarifa yake haina nakala hata moja iliyoko madukani, majibu hayo mawili hayawezi kuwa kweli kwa pamoja.

Dada yangu pale nyuma, mwimbaji, anauliza vipi kuhusu sisi wa muziki wa mtandaoni. Kwa muziki hakuna ghala, kwa hiyo ukaguzi wake ni mwingine. Msambazaji wa muziki hutoa ripoti yenye mstari kwa kila wimbo, kila jukwaa, kila nchi na kila mwezi. Kitu cha kwanza ni kujua kwamba ripoti hiyo huchelewa kwa kawaida miezi miwili au mitatu nyuma ya usikilizaji wenyewe, kwa sababu majukwaa nayo humpa msambazaji hesabu baadaye. Wimbo uliovuma Januari usiutafute kwenye ripoti ya Februari. Kitu cha pili ni namba ya ISRC, herufi na tarakimu 12 zinazotambulisha rekodi yako. Hakikisha kila rekodi yako ina ISRC unayoijua, kwa sababu wimbo ukipandishwa upya kwa namba nyingine, usikilizaji wa namba ile hauonekani kwenye mistari yako.

Lakini kwa wasanii wetu wa hapa tatizo kubwa liko kabla ya yote hayo. Akaunti kwa msambazaji imefunguliwa na mwenye studio, kwa jina lake na simu yake. Msambazaji hakujui wewe. Ukimwandikia, atakujibu kwamba huna akaunti kwake, na atakuwa sahihi. Anayewajibika kwako ni mwenye studio, kwa makubaliano yenu, na barua yako iende kwake. Mwombe faili lenyewe la ripoti, lile la CSV linalopakuliwa kutoka kwenye akaunti, la kila mwezi. Usikubali picha ya skrini, kwa sababu inaonyesha jumla tu, na jumla haikaguliki. Mirabaha ya redio na televisheni nayo haipiti kwa msambazaji huyu, inakusanywa kwa njia nyingine, kwa hiyo ulizia COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kama kazi zako zimesajiliwa na nani anazikusanyia.

Mzee wangu ameuliza ufanyeje kama hawajibu kabisa. Mwalimu wa Newala alibahatika kujibiwa, wengine hawajibiwi. Tarehe uliyoweka ikipita, andika barua ya pili kwa Meneja Mkuu, ambatanisha ya kwanza na risiti ya posta, mpe siku 14, na hapo sasa taja kifungu cha ukaguzi kama unacho. Ikipita nayo, soma mkataba unasema migogoro inakwenda wapi. Mingine inataka usuluhishi kwanza. COSOTA wanapokea malalamiko ya hakimiliki, na mwanasheria au kituo cha msaada wa kisheria anaweza kukuandikia notisi ya madai. Wakati huo utaona faida ya kuwa na barua mbili zenye tarehe badala ya kumbukumbu za simu.

Kuna saa moja inayotembea kimya kimya hapa. Kwa Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971, madai ya mkataba yana miaka sita ya kufikishwa mahakamani. Mrabaha wa mwaka 2021 wa mwalimu wetu ulitakiwa kutolewa taarifa Machi 2022, kwa hiyo miaka yake sita ingeisha Machi 2028. Mchapishaji akikiri deni kwa maandishi yenye saini kabla muda haujaisha, saa hiyo huanza kuhesabiwa upya. Ndiyo sababu nyingine ya kuomba taarifa kwa maandishi. Ahadi ya kwenye simu, hata iwe tamu vipi, haisogezi saa hiyo hata dakika moja.

Swali la mwisho, la mama aliyefiwa na mume wake mwandishi. Pole sana mama. Mirabaha haikufa naye. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, hakimiliki inaendelea miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi, na mkataba wa mchapishaji unawahusu warithi. Lakini kampuni haitaweza kukulipa kwa cheti cha ndoa wala kwa cheti cha kifo peke yake. Itataka hati ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, inayomtaja msimamizi. Barua ya kuomba taarifa unaweza kuiandika hata leo, hati ikiwa bado inafuatiliwa: eleza kwamba mwandishi amefariki, taja tarehe, omba taarifa za miaka yote ambayo haijatolewa, na omba malipo yasitumwe kwa mtu yeyote mpaka hati itakapowafikia. Hiyo sentensi ya mwisho iandike mama, usiiache. Nimewahi kuona mirabaha ya marehemu ikilipwa kwenye akaunti yake ya zamani, na kadi ya benki alikuwa nayo mtu mwingine.

Njoo na mkataba wake baada ya kikao, tutausoma pamoja.